Skyrim Ikisasishwa SKSE Inagoma: Soma Namba Kwanza

Tarehe 5 Desemba 2023 kampuni ya Bethesda ilitoa sasisho la Skyrim Special Edition lililoleta duka jipya la Creations ndani ya gemu. Gemu lenyewe la Skyrim lilikuwa limeshatimiza miaka 12, na wachezaji wake wengi wa kompyuta walikuwa wameacha kutarajia mabadiliko. Steam ikalishusha sasisho hilo kimyakimya. Waliobofya kucheza usiku ule, modi zao zikiwa zimepangwa vizuri kwa miezi au miaka, hawakufika hata kwenye menyu. Walikutana na kisanduku kidogo chenye maandishi yanayoanza hivi:

```
You are using a newer version of Skyrim than this
version of SKSE64 supports.
```

Maana yake ni kwamba Skyrim iliyopo ni mpya kuliko ile ambayo SKSE64 inaifahamu. Wengi hukisoma kisanduku hicho kama habari ya kuharibikiwa, wakaanza kufuta gemu zima na kulipakua upya, bando likaisha na shida ikabaki palepale. Hakuna kilichoharibika. Namba ya gemu imesonga mbele na namba ya SKSE imebaki nyuma, na programu imekataa kukisia.

Kwa asiyeifahamu, Skyrim ni gemu la kuigiza uhusika: unaunda mtu wako, unamlea kutoka mfungwa asiye na kitu hadi kuwa shujaa au jambazi. Matukio mengi ya gemu hilo, mazungumzo, mitego na kazi za kutumwa, yanaendeshwa na skripti zilizoandikwa kwa lugha ya Bethesda iitwayo Papyrus. Watu wa kawaida wanaruhusiwa kuandika skripti zao na kuongeza vitu, na nyongeza hizo ndizo wachezaji huziita modi. Lakini Papyrus ina mipaka. Kwa mfano, skripti ya kawaida haiwezi kujua kwamba umebonyeza kitufe fulani kwenye kibodi. Mtunzi anayetaka kitufe cha K kifungue mkoba wa dawa hana njia ya kuufanyia hivyo kwa Papyrus tupu.

Hapo ndipo inapoingia SKSE, kwa jina refu Skyrim Script Extender, yaani programu inayoipa Papyrus maneno mapya. Ian Patterson na Stephen Abel ni miongoni mwa walioiandika, na kikundi chao kilishafanya kazi ya namna hiyo kwa gemu la Oblivion kabla ya Skyrim kuzaliwa. Neno mojawapo waliloliongeza ni `RegisterForKey`, ambalo linaiambia gemu: kitufe hiki kikibonyezwa, nijulishe. SkyUI, modi inayobadilisha menyu zile pana za asili kuwa orodha zinazosomeka na kutafutika, haiendi bila SKSE, na modi nyingi kubwa zinaitegemea vilevile.

Tofauti yake na modi nyingine ni kwamba SKSE haikai ndani ya data za gemu ikisubiri kusomwa. Inaingia kwenye programu ya gemu yenyewe wakati inapoamka. Unapoanzisha faili liitwalo `skse64_loader.exe`, linaiamsha `SkyrimSE.exe`, kisha linaipachika maktaba ya SKSE ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na maktaba ile inakwenda kwenye anwani maalumu za kumbukumbu na kubadilisha maelekezo machache. Anwani hizo ndizo kiini cha kila kitu katika makala haya. Bethesda wakitengeneza upya `SkyrimSE.exe`, hata kwa kurekebisha kosa dogo, shughuli zilizokuwa ndani yake huhama, ni kama mtaa uliobadilishiwa namba za nyumba usiku mmoja. SKSE ikiandika kwenye anwani ya zamani itaandika juu ya kitu kingine kabisa. Kwa hiyo watunzi wake wameifungia kila nakala kwenye toleo moja la gemu, na ikikuta namba nyingine inajiondoa. Ule ukali wa kisanduku ni busara.

Kabla ya kupakua chochote, basi, soma namba ya gemu. Usiikisie kwa tarehe ya kununua wala kwa neno Anniversary lililoandikwa kwenye Steam. Nenda kwenye folda ya gemu. Kwa walio wengi iko ndani ya folda ya Steam, kwenye njia hii:

```
steamapps\common\Skyrim Special Edition
```

Humo utaona `SkyrimSE.exe`. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Properties, halafu Details, usome mstari wa File version. Anayependa kuandika amri anaweza kufungua PowerShell ndani ya folda hiyohiyo na kuandika:

```
(Get-Item .\SkyrimSE.exe).VersionInfo.FileVersion
```

Jibu litakuwa kama `1.6.1170.0`. Sufuri ya mwisho iache. Namba iliyobaki, 1.6.1170, ndiyo unayokwenda nayo kwenye ukurasa wa SKSE ulioko `skse.silverlock.org`.

Kwenye ukurasa huo kuna jambo linalowakanganya wageni: namba ya SKSE na namba ya gemu hazifanani wala hazikusudiwi kufanana. SKSE 2.2.6 ndiyo ya Skyrim 1.6.1170. SKSE 2.2.3 ni ya 1.6.640. Wale waliobaki na 1.5.97, toleo la mwisho kabla ya Anniversary Edition ya Novemba 2021, wanatumia SKSE 2.0.20. Mtu mwenye 1.5.97 akichukua 2.2.6 kwa kudhani kwamba mpya ni bora, kisanduku kitamtokea tena, safari hii kikimwambia kwamba gemu lake ndilo lililochakaa. Na kama ulinunua Skyrim kwa GOG badala ya Steam, programu ya gemu lako ni tofauti na ina namba yake. SKSE ya GOG imewekwa peke yake na usiibadilishe na ya Steam. Aliye na Skyrim ya duka la Microsoft, ile ya Game Pass, hana SKSE kabisa, na hakuna ujanja wa kuizunguka hali hiyo. Vivyo hivyo kwa PlayStation na Xbox.

Kuiweka kwenyewe ni kazi ndogo, ila ina mitego miwili. Anza kwa kulifungua gemu mara moja kupitia Steam mpaka ufike menyu, kisha ulifunge; hatua hiyo inaunda mafaili ya mipangilio ambayo kila kitu kingine kinayategemea. Halafu fungua kifurushi cha SKSE ulichopakua. Kimefungwa kwa mtindo wa 7z, kwa hiyo kama Windows yako haikitambui tumia programu ya bure ya 7-Zip. Ndani yake mna folda moja, mathalani `skse64_2_02_06`, na ndani ya folda hiyo ndipo vitu vyenyewe vilipo.

Mtego wa kwanza uko hapo. Wengi huinakili folda nzima na kuitupa ndani ya folda ya Skyrim, na kipakiaji kinabaki chumba cha ndani kisichoona `SkyrimSE.exe`. Unachotakiwa kunakili ni kilichomo: `skse64_loader.exe`, faili la maktaba, na folda ya `Data`. Viwili vya kwanza vikae bega kwa bega na `SkyrimSE.exe`. Litazame jina la maktaba hiyo kwa makini:

```
skse64_1_6_1170.dll
```

Jina lenyewe limebeba namba ya gemu. Hata kama umesahau ulichopakua mwaka jana, faili hili linakuambia SKSE yako inamtumikia nani. Kwa maoni yangu hakuna kipimo cha haraka kuliko hiki: linganisha jina la dll hii na File version ya `SkyrimSE.exe`, na kama hazilingani huna haja ya kuendelea kutafuta.

Mtego wa pili ni folda ya `Data`. Ndani yake mna `Scripts`, yenye mafaili ya `.pex`, yaani zile skripti za Papyrus zilizogeuzwa kuwa tayari kusomwa na gemu. Kuna wanaozipuuza kwa kuwa gemu hufunguka vizuri bila hizo. Litafunguka, ndiyo, lakini modi zitaita maneno mapya ya SKSE na Papyrus haitayajua. Windows ikikuuliza kama iunganishe folda na kubadilisha yaliyopo, kubali. Wanaotumia Mod Organizer 2 wanaweza kuziweka skripti hizo kama modi ya kawaida katika orodha yao, mradi kipakiaji na dll vibaki kwenye folda kuu ya gemu, na kipakiaji kiongezwe kwenye orodha ya programu ambazo Mod Organizer inazianzisha.

Kuanzia hapo gemu linafunguliwa kwa `skse64_loader.exe` tu. Kitufe cha Play cha Steam kitafungua Skyrim isiyo na SKSE, na SkyUI italalamika kwamba SKSE haifanyi kazi. Ukishaingia, bonyeza kitufe kilicho chini ya Esc ili kufungua konsoli, uandike:

```
GetSKSEVersion
```

Ikijibu kwa namba ya SKSE, umemaliza. Ikisema haiijui amri hiyo, gemu limefunguliwa bila kipakiaji.

Sasa turudi kwenye balaa la sasisho, maana hapo ndipo watu hutumia usiku mzima. Tuchukue kompyuta iliyokuwa na Skyrim 1.6.640 na SKSE 2.2.3, pamoja na modi kadhaa. Steam imeivusha hadi 1.6.1170. Mwenye kompyuta anaona kisanduku, anasoma namba ya `SkyrimSE.exe`, anachukua SKSE 2.2.6 na kuinakili kama tulivyoeleza. Kwenye folda sasa kuna dll mbili, ya 640 na ya 1170. Ile ya zamani haidhuru, lakini ifutwe ili kesho isimchanganye mtu. Anafungua gemu kwa kipakiaji, na badala ya menyu anapata kisanduku kingine, kirefu zaidi, kinachosema kwamba kuna programu-jalizi iliyoshindwa kupakiwa, kwamba hilo si kosa la SKSE, na kinauliza kama atoke kwenye gemu.

Ushauri wangu ni kukubali kutoka. Sababu iko kwenye folda ya michezo iliyohifadhiwa, `Saves`, chini ya `Documents\My Games\Skyrim Special Edition`. Kila mchezo uliohifadhi ukiwa na SKSE una mafaili mawili yenye jina moja: moja la `.ess` lililo la gemu, na moja la `.skse` ambamo modi za SKSE zinaweka kumbukumbu zao. Ukicheza huku modi fulani haijapakiwa, kisha ukahifadhi, kumbukumbu za modi hiyo zinaweza kutoandikwa kwenye faili jipya, na hata ukiirudisha kesho zitakuwa zimepotea. Nakili folda ya `Saves` mahali pengine kabla hujaanza matengenezo.

Kisanduku cha pili kinatokana na tabaka la juu ya SKSE. Modi nyingine zina dll zao, zinazokaa ndani ya `Data\SKSE\Plugins`. Hizo nazo huingia kwenye kumbukumbu ya gemu na kutafuta anwani, kwa hiyo nazo zina ugomvi na toleo jipya. Zamani kila mtunzi alilazimika kuandika dll mpya kwa kila sasisho la Bethesda. Mtunzi ajulikanaye kwa jina la meh321 alipunguza adha hiyo kwa kutoa Address Library for SKSE Plugins. Ni orodha kubwa: kila shughuli ndani ya gemu imepewa namba ya kudumu, na kwa kila toleo kuna faili linaloonyesha namba hiyo iko kwenye anwani gani. Dll inauliza kwa namba ya kudumu na kujibiwa anwani ya leo. Sasisho likija, unapakua Address Library mpya, na dll nyingi zinaamka bila kuguswa. Kwa toleo tunalolizungumzia faili linalohitajika ni hili:

```
Data\SKSE\Plugins\versionlib-1-6-1170-0.bin
```

Mwenye 1.5.97 anahitaji `version-1-5-97-0.bin`. Utagundua jina limeanza tofauti, na si kwa bahati mbaya. Kutoka 1.5 kwenda 1.6 Bethesda walibadilisha kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya watunzi kuwa maelekezo ya mashine. Kompaila mpya iliunganisha na kupanga upya shughuli nyingi, hata namba za kudumu za zamani hazikuweza kuhamishwa moja kwa moja. Ndiyo maana modi nyingi zenye dll hutolewa kwa nakala mbili, moja ya 1.5.97 na nyingine ya 1.6, ambayo watu huiita ya AE.

Address Library nayo ina mwisho wake. Inajua mahali shughuli ilipo, haijui umbo la vitu vinavyoshughulikiwa. Katika 1.6.629 Bethesda walibadilisha ukubwa wa baadhi ya miundo ya data. Dll iliyoandikwa kabla ya hapo ilifika kwenye anwani sahihi, ikasoma kitu kisicho mahali ilipokitarajia. Hapo hakuna faili la kupakua isipokuwa dll mpya kutoka kwa mtunzi wa modi, au wa mtu mwingine aliyeirekebisha kwa ruhusa.

Nani basi amegoma katika kompyuta yetu? Usikisie kwa kuzima modi moja moja. Fungua folda ya `SKSE` iliyo ndani ya `Documents\My Games\Skyrim Special Edition`, usome faili la `skse64.log` kwa Notepad. Kila dll ina mstari wake. Iliyo salama ina maneno haya:

```
loaded correctly
```

Iliyokataliwa ina neno `disabled` likifuatiwa na sababu. Sababu ikitaja address library, bado hujaweka faili la `versionlib` la toleo lako, au umeliweka folda isiyo yake. Sababu ikiwa nyingine, tafuta toleo jipya la modi hiyohiyo. Ikiwa mtunzi ameacha kuihudumia na hakuna aliyeipokea, iondoe au urudi nyuma na gemu zima. Hakuna njia ya tatu.

Kuna hali moja isiyotoa kisanduku chochote, nayo ndiyo inayosumbua kuliko zote. Umebadilisha dll na kipakiaji, lakini skripti za `.pex` zimebaki za SKSE ya zamani, labda kwa sababu uliziweka kama modi ndani ya Mod Organizer ukasahau kuzibadilisha, au modi nyingine imebeba nakala zake za kale na kuzifunika. `GetSKSEVersion` itajibu vizuri, log itakuwa safi, na bado menyu za modi zitakosa maneno au vitufe havitaitikia. Watunzi wa SKSE walilifikiria hilo: ndani ya Papyrus kuna `SKSE.GetVersionRelease()` inayosema namba ya dll, na `SKSE.GetScriptVersionRelease()` inayosema namba ya skripti, na modi makini huzilinganisha na kukuonya. Ukiona onyo la aina hiyo usihangaike na modi iliyolitoa. Rudi kwenye kifurushi cha SKSE, uweke upya folda ya `Scripts`, na uhakikishe hakuna modi inayoifunika.

Kuhusu kuzuia masasisho, Steam haina kitufe cha kuyakataa moja kwa moja. Inachokupa, ukienda kwenye Properties za gemu na kufungua Updates, ni chaguo la kutosasisha hadi gemu lianzishwe. Kwa kuwa wewe unaanzia kwenye kipakiaji cha SKSE na si kwenye kitufe cha Play, chaguo hilo kwa kawaida hutosha, mradi mdogo wako asije akabofya Play. Aliyekwisha kuvushwa na hataki kubaki huko anaweza kutumia modi za kushusha toleo zinazopatikana Nexus Mods, zinazorudisha mafaili ya zamani kwa mwenye nakala halali ya gemu. Binafsi siwezi kumlaumu anayebaki na 1.5.97 hadi leo. Kama modi zake zote zinakwenda, masasisho yaliyofuata hayana mengi ya kumpa zaidi ya duka na marekebisho machache.

Na ukikwama ukamwita rafiki akusaidie, usimwambie tu kwamba Skyrim haifunguki. Mpe namba ya `SkyrimSE.exe`, jina kamili la dll ya SKSE iliyomo kwenye folda, na `skse64.log` nzima. Akiwa na vitu hivyo vitatu, mara nyingi hatahitaji hata kuiona kompyuta yako.